Kijana wa Kiti cha Pili

Jumamosi moja nilihesabu watu wanne waliochungulia saluni yangu, wakaona benchi limejaa, wakaenda zao. Kwangu kunyoa ni shilingi 4,000, kwa hiyo 16,000 zilihamia kwa jirani huku naona. Nikaamua kuongeza kiti. Kiti chenyewe kilipatikana Kariakoo siku moja tu. Mtu wa kusimama nyuma yake ndiye aliyenisumbua.

Wa kwanza alikuja na mashine yake na picha za fedi kwenye simu. Tukakubaliana hesabu, kama ya bodaboda: jioni aniletee 15,000, kinachozidi ni chake. Siku ya vichwa 8 alibaki na 17,000. Siku ya mvua, vichwa 4, alibaki na 1,000. Nikajiambia mvua ni yake, si yangu. Kumbe anayekimbizana na hesabu hapati muda wa kufuta mashine kwa spiriti kati ya mteja na mteja, wala haipumzishi ikichemka. Ndevu za dakika 15 anazimaliza kwa 6. Mteja mmoja alirudi na shingo iliyojaa vipele. Mama mmoja akamleta mwanawe ana mapunye, na sikuwa na la kumjibu.

Wa pili hakuwa na picha. Nilikaa kitini nikamwambia aninyoe mimi, halafu kwenye kioo nikaangalia mkono wake wa kushoto. Mwenye mkono wa kazi huvuta ngozi kwanza ikatandazika, ndipo mashine ipite. Alivuta. Mstari wa mbele aliupindisha, lakini huo unafundishika.

Tuliandika karatasi moja, kila mtu na nakala yake: miezi 3 ya majaribio, kazi zake, malipo, siku ya mapumziko na saa za kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na saluni inayofunguliwa asubuhi hadi saa 4 usiku inazimaliza mapema. Ndiyo maana haingii asubuhi.

Mwezi wa kwanza hakugusa kichwa cha mtu. Alifua taulo na kujifunza mashine: kupiga brashi nywele zitoke, spiriti, tone moja la mafuta, kisha kuigusisha ndani ya kifundo cha mkono wake. Ikimchoma yeye, itamchoma mteja. Nilimfundisha pia kuiinua kwenye taa na kutazama meno. Ya juu, yanayocheza, lazima yabaki nyuma kidogo ya yale ya chini. Yakilingana nayo au kuyapita, mashine inang'ata, na ukiona vidoa vya damu nyuma ya shingo usimlaumu mteja kwamba ametikisika.

Mwezi wa pili alianza na para, maana haina mahali pa kuunganisha urefu mmoja na mwingine, kisha namba moja kichwa kizima. Wengi huwapa wanafunzi watoto. Mimi naona ni kosa: mtoto hatulii, na akichomwa mara moja atalia kila akiona saluni. Fedi na kuchonga ndevu kwa wembe vilisubiri mwezi wa tatu.

Wakati wa majaribio alipata 6,000 kwa siku na chakula cha mchana. Alipofuzu tukahamia asilimia 40 ya vichwa vyake, ila siku haishuki chini ya 10,000. Vichwa 8 ni 32,000. Yeye 12,800, mimi 19,200 ambazo ndani yake kuna kodi, LUKU na nyembe. Vikiwa 4, asilimia yake ni 6,400, naongeza 3,600. Kuanzia kichwa cha 11 anachukua nusu, kwa hiyo Jumamosi ya vichwa 14 inampa 24,000. Kabla ya kupanga kiwango chako, kilinganishe na kima cha chini kilichotangazwa na serikali.

Ugonjwa wa asilimia ni vichwa vinavyonyolewa bila kuingia daftarini. Kamera sina. Nina nyembe. Wembe mmoja tunauvunja vipande viwili, na kila anayechongwa anawekewa kipande kipya mbele ya macho yake. Akiingia nampa nyembe 6, yaani vipande 12. Vilivyotumika vinaingia kwenye kopo la maziwa lenye tundu, ambalo usiku nalifungua mwenyewe. Watoto na wanaonyoa tu bila kuchonga nawatoa kwenye hesabu.

Wiki iliyopita kopo lilikuwa na vipande 9, daftari lina 8. Nilimwangalia, hakusema kitu. Akachukua kibanio, akakipindua kimoja kwenye mwanga: makali safi, yamejaa vumbi la sakafu upande mmoja. Kilimponyoka kabla hakijafika kwenye ndevu.