Nani Amemega Mwezi?

Mtoto wa miaka sita akiuliza kwa nini mwezi ulikuwa mzima juzi na leo umepungua, wakubwa huwa tuna majibu mawili ya haraka. La kwanza ni la hadithi: umeliwa. La pili tunalitoa kwa sauti ya mwalimu: ni kivuli cha dunia. Hilo la kwanza halina madhara, kwa kuwa mtoto mwenyewe atalitupa kabla hajamaliza shule ya msingi. La pili ndilo lenye hatari, maana linafanana na ukweli, na wako watu wazima wenye shahada zao ambao bado wanaliamini.

Kulipima hakuhitaji darubini. Subiri siku ya saba au ya nane tangu mwezi kuandama, kisha toka nje saa kumi na mbili jioni, jua likiwa linazama. Mwezi utaukuta nusu, juu karibu na utosi. Sasa jiulize kivuli cha dunia kiko wapi saa hiyo. Kivuli hukaa upande wa pili wa kitu, kinyume na taa. Jua liko magharibi, kwa hiyo kivuli cha dunia kimeelekea mashariki, chini kabisa kwenye upeo. Mwezi uko juu ya kichwa chako, mbali nacho, na bado nusu yake ni giza. Basi giza lile halikutoka kwetu.

Kivuli cha dunia huufikia mwezi mara chache, na siku hiyo tunasema umepatwa. Waliokuwa nje Afrika Mashariki usiku wa tarehe 7 Septemba 2025, penye anga safi, walikiona: mwezi mpevu uliingia gizani kidogo kidogo, ukawa mwekundu wa shaba kuanzia kama saa mbili na nusu hadi karibu saa nne, kisha ukarudi mweupe kabla ya usiku wa manane. Mambo yale yaliisha katika saa chache. Kupungua kwa kawaida huchukua wiki mbili.

Kwa hiyo tufanyeje na mtoto? Mimi sioni sababu ya kuiacha hadithi na kumpa somo kavu. Hadithi inaweza kuwa na fisi na mashtaka na bado ikashika sababu ya kweli, mradi kile kinachofumbua fumbo kiwe kitu ambacho mtoto anaweza kwenda kukiona kwa macho yake. Hii hapa ni moja ya kumsomea kabla ya kulala.

Paukwa! Pakawa!

Hapo kale Mwezi alikwenda barazani kwa Dunia, aliyekuwa kadhi wa mbinguni, akalia.

"Shikamoo, mama. Naibiwa. Wiki mbili nyuma nilikuwa mzima. Tangu hapo kila usiku kuna mtu ananimega, na leo nimebaki ukingo tu."

"Marahaba, mwanangu. Unamshuku nani?"

"Fisi."

Watu wote wakageuka kumtazama Fisi, ambaye alishazoea kushukiwa.

"Mama kadhi," akasema Fisi, "ningekuwa mimi, ningemmaliza usiku wa kwanza. Mimi na kubakisha, wapi na wapi?"

Baraza likaona ana hoja. Akaitwa Wingu.

"Mimi humfunika, simli," akasema Wingu. "Tena nikimfunika yeye, nafunika na nyota za jirani. Nikishapita, yupo palepale."

Popo akanong'ona kutoka darini: "Huenda ni kivuli chako, mama kadhi."

"Kivuli changu kiko nyuma yangu," akajibu Dunia. "Mwezi hukipitia mara chache, na siku hiyo kila mtu hunijua. Nani mwingine ana ushahidi?"

Ndipo Kasa alipoinua shingo. Alikuwa amechoka, mchanga ungali mgongoni.

"Mimi nilitoka baharini jana usiku kutaga mayai. Alfajiri nikawa narudi majini, nikamwona Mwezi upande wa mashariki, juu kidogo ya maji. Ukingo wake uling'aa. Lakini nilipomkazia macho nilimwona wote, mviringo mzima, hafifu, rangi ya majivu. Hapajamegwa kitu."

Mwezi akajishika shavu moja, akajishika la pili. Yote yalikuwepo.

"Sasa mbona siwaki wote?"

Jua akacheka. "Wewe huwaki hata kidogo, mpwa wangu. Wewe ni jiwe. Mwanga ni wangu. Naimulika nusu yako iliyonielekea, nusu nzima kila siku, na sijakupunja hata mara moja. Lakini wewe unamzunguka Dunia. Ukiwa ng'ambo yake, ile nusu ninayoimulika ndiyo anayoiona, na watu wanasema umejaa. Ukiwa kati yangu na yeye, nusu yenye mwanga imenitazama mimi, naye anabaki na upande wa giza. Siku zilizobaki anaona sehemu ya mwanga na sehemu ya giza."

Dunia akagonga meza. "Hakuna mwizi. Fisi aachiwe."

Fisi akaondoka akicheka, na hadi leo anacheka.

Mwezi akabaki na swali moja. "Kama Jua hafiki upande wangu wa giza, Kasa alinionaje mzima?"

Dunia akaona haya kidogo. "Ni mimi. Mwanga wa Jua ukinipiga, mwingine huruka ukakufikia. Nilikuwa nakumulika bila kukuambia."

Hadithi imekwisha, na ushahidi wa Kasa ni wa kweli. Mwezi ukiwa mwembamba, alfajiri siku mbili tatu kabla haujapotea, au jioni ya pili hadi ya nne baada ya kuandama, tazama ndani ya pembe zake pasipo na taa za karibu. Utauona mwili wote kwa mwanga dhaifu. Leonardo da Vinci, yule mchoraji wa Italia, aliandika mwanzoni mwa karne ya 16 kwamba mwanga ule ni wa jua, umeigonga dunia ukarudi hadi mwezini. Alikosea kidogo, akidhani bahari ndizo zinazourudisha zaidi. Leo tunajua kwamba mawingu ndiyo yanayofanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Lakini kiini alikipata.

Jambo hili linawaumbua wachoraji wetu pia. Nyota iliyochorwa ndani ya pembe za mwezi haiwezekani, kwa sababu pale pamejaa jiwe. Na ule mwezi uliosimama wima, pembe moja juu na moja chini, ni mwezi wa vitabu vilivyochorwa Ulaya. Kwetu karibu na ikweta, njia ya jua na mwezi hupanda karibu wima kutoka kwenye upeo. Mwezi mchanga wa jioni huwa na jua chini yake, kwa hiyo sehemu inayong'aa iko chini na pembe zinatazama juu, ukalala kama dau. Kuna miezi ya mwaka ambapo huinama upande mmoja, lakini hausimami kama wa London. Mtoto wa Tanga akichora mwezi uliolala, amechora alichokiona, asisahihishwe.

Mtoto akitaka kuona jambo lenyewe likitokea, chukua chungwa, ulichome kwenye kijiti cha mshikaki. Zima taa zote, uache moja tu isiyo na kifuniko, iwe kimo cha kichwa cha mtoto na hatua tatu nne kutoka kwake. Taa ndiyo jua, kichwa chake ndicho dunia. Ashike chungwa mbele yake, mkono umenyooka, akiitazama taa. Upande anaouona utakuwa giza. Huo ndio mwezi usioonekana. Sasa ageuke polepole kuelekea kushoto, chungwa likiwa mbele ya uso wake muda wote. Ukingo wa mwanga utatokea upande wa kulia na kunenepa. Robo ya mzunguko ikitimia, taa ikiwa ubavuni kulia, ataona nusu. Akiipa taa mgongo ataona chungwa lote limewaka. Akiendelea, mwanga utaanza kupungua na kubaki upande wa kushoto, hadi upotee.

Hapo penye mgongo ndipo jaribio huharibika. Mtoto akishika chungwa sawa na macho yake, kichwa chake kitalitia kivuli, naye atapiga kelele kwamba mwezi mpevu umezimika. Usimkatize. Ametengeneza kupatwa kwa mwezi, na sasa ana haki ya kuuliza kwa nini jambo hilo halitokei kila mwezi mpevu. Mwambie ainue mkono kidogo, chungwa lipite juu ya kivuli cha kichwa. Mwezi halisi hufanya hivyohivyo: njia yake imeinama nyuzi tano hivi ikilinganishwa na njia ya dunia kulizunguka jua, kwa hiyo mara nyingi hupita juu au chini ya kivuli chetu. Lile jibu la kivuli cha dunia hufia hapa, mikononi mwa mtoto mwenyewe.

Ukubwa wa umbali ndio kitu ambacho chungwa haliwezi kuonyesha. Mwezi uko kilomita 384,000 hivi kutoka kwetu, sawa na dunia thelathini zilizopangwa mstari mmoja. Mzunguko mzima wa maumbo, kutoka kuandama hadi kuandama, huchukua siku 29 na nusu. Nusu siku hiyo ndiyo inayofanya miezi ya Kiislamu iwe na siku 29 mara hii na 30 mara nyingine, na ndiyo inayowatoa watu nje jioni ya tarehe 29 kuutafuta mwezi.

Badiliko la usiku mmoja ni dogo, ndiyo maana mtoto akitazama mara moja hapati kitu. Kila siku mwezi husogea kuelekea mashariki, na huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 hivi. Mpe daftari achore umbo lake na mahali ulipo angani, saa moja jioni ileile, kuanzia siku ya pili baada ya kuandama hadi ujae. Katika wiki mbili hizo atauona ukihama kutoka magharibi, ukapita utosini, ukafika mashariki, huku ukinenepa kadiri unavyolikimbia jua. Mwezi ukishajaa, daftari lihamie alfajiri, maana jioni hatauona tena.

Kazi hiyo ya alfajiri, na ile ya kuutazama mwezi mchana, mfanyie ukiwa naye. Msimame nyuma ya ukuta au mti unaolificha jua, kwani kulitazama moja kwa moja hata kwa muda mfupi kunaweza kuharibu macho.