Pistoni Hufika Juu Mara Mbili

Upande wa kushoto wa injini ya pikipiki nyingi za Kichina za cc 125, zile zinazopandisha abiria na magunia kati ya Kasulu na Kibondo, kuna vifuniko viwili vinavyofunguliwa kwa bisibisi pana. Ndani ya kile kikubwa kuna nati ya krenki. Ndani ya kile kidogo unaonekana ukingo wa flaiwili. Ukizungusha krenki kwa spana, kinyume cha saa, itapita alama ya F, kisha ya T. T ikilingana na alama ya kwenye kava, pistoni imefika juu kabisa.

Hapo mwanafunzi huchukua fila geji na kuanza kurekebisha tapeti. Kama amepatia, ni kwa bahati, maana T hupita mara mbili kabla injini haijamaliza kazi yake moja, na tapeti hurekebishwa kwenye T moja tu kati ya hizo. Anayeweza kuzitofautisha T hizo mbili ameielewa injini ya mipigo minne, hata kama majina ya mipigo yenyewe bado yanampiga chenga.

Tuchukue injini hiyohiyo iwe mfano wetu. Nyingi kati ya hizi zimetokana na Honda CG125 iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, miaka 100 kamili tangu Mjerumani Nikolaus Otto atengeneze injini yake ya mipigo minne. Kipenyo cha silinda ni milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5 kutoka juu hadi chini. Nafasi inayopitiwa na pistoni ni cc 124. Pistoni ikiwa juu kabisa, bado kunabaki kichumba kidogo cha cc 15.5 chini ya silinda hedi. Basi hewa inayojaa nafasi ya cc 139.5 hubanwa mpaka iingie katika cc 15.5, yaani mara tisa.

Sasa chukua daftari ulilaze kwa upana, uchore silinda nne zilizosimama sambamba. Katika kila moja chora mistari miwili ya kulala: wa juu ni kikomo cha juu cha pistoni, wa chini ni kikomo cha chini. Juu ya kila silinda weka valvu mbili, ya kushoto ya kuingiza na ya kulia ya kutoa moshi, na katikati yake plagi. Chini weka duara la krenki lililounganishwa na pistoni kwa konrodi. Silinda zote nne ni ileile moja, tumeitazama kwa nyakati nne.

Katika silinda ya kwanza, chora pistoni ikiwa inashuka na mshale wa kuelekea chini. Valvu ya kushoto iko wazi, ya kulia imefungwa. Hili ni pigo la kuingiza. Tumezoea kusema pistoni inavuta hewa, na gereji nzima itakuelewa, lakini kinachotokea ni kwamba pistoni ikishuka inaacha nafasi yenye shinikizo dogo, na hewa ya nje, inayotukandamiza sote muda wote, inasukumwa kuingia. Ikipita kwenye kabureta inabeba petroli. Andika pembeni ya mchoro: anayesukuma ni hewa ya nje. Neno hilo tutalihitaji tukifika Kibondo.

Kwenye silinda ya pili pistoni inapanda na valvu zote mbili zimefungwa. Hili ni pigo la kugandamiza. Mchanganyiko unabanwa na kupata joto. Kabla pistoni haijafika juu, kiasi cha nyuzi 15 za mzunguko wa krenki ikiwa injini iko sailensa, plagi inatoa cheche. Hiyo ndiyo kazi ya alama ya F. Cheche inatangulia kwa sababu moto hauwaki mahali pote kwa mara moja. Unaanzia kwenye plagi na kusambaa, na kusambaa kunataka muda. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pigo moja huchukua sehemu moja ya mia ya sekunde. Moto ukiwashwa pistoni ikiwa tayari juu, sehemu kubwa ya nguvu ingeikimbiza pistoni iliyokwisha kushuka.

Silinda ya tatu ni pigo la nguvu. Valvu zote bado zimefungwa, na gesi yenye joto la zaidi ya nyuzi 2,000 za sentigredi inaisukuma pistoni chini. Katika mapigo yote manne ni hili pekee linalozalisha. Mengine matatu yanakula nguvu, na flaiwili nzito ndiyo inayoibeba krenki kuyapita. Kabla pistoni haijafika chini, valvu ya kulia huanza kufunguka ili shinikizo lililobaki lianze kutoka mapema.

Ya nne haina mengi: pistoni inapanda, valvu ya kulia iko wazi, moshi unasukumwa kwenda eksozi. Ila kitazame kikomo cha juu cha pigo hili kwa makini. Pistoni inapokaribia pale, valvu ya kushoto inaanza kufunguka wakati ile ya kulia haijamaliza kufunga. Kwa kitambo kidogo zote mbili ziko wazi. Chora duara kwenye kona hiyo.

Ukihesabu safari za krenki utaona kwamba mapigo mawili ya kwanza yamekula mzunguko mmoja, na mawili ya mwisho mzunguko wa pili. Kemshafti, inayofungua valvu, lazima izunguke mara moja tu kwa mizunguko miwili ya krenki, na ndiyo maana gia yake ina meno mara mbili ya ile ya krenki. Lakini alama ya T imechongwa kwenye flaiwili, si kwenye kemshafti. Inapita mwisho wa pigo la pili, na inapita tena mwisho wa pigo la nne. Wala cheche haitakusaidia kuzitofautisha, kwa sababu katika injini hizi kinachoamuru cheche nacho kimefungwa kwenye flaiwili. Plagi hutoa cheche kila mzunguko. Moja inawasha petroli, ya pili inapotelea kwenye moshi.

Zitofautishe kwa mkono. Fungua kifuniko cha valvu, uweke T sawa na alama, kisha shika vichwa vya roka na kuvichezesha. Vikicheza vyote viwili, hata kidogo sana, valvu zote zimefungwa: uko mwisho wa kugandamiza, fanya kazi yako. Vikikaza, uko kwenye ile kona uliyoichorea duara. Zungusha krenki mara moja kamili, irudishe T, na roka zitalegea. Kwenye injini hii pengo la tapeti ni milimita 0.08, likipimwa injini ikiwa baridi.

Anayelazimisha kwenye T isiyo yenyewe hukuta fila geji haiingii, akadhani tapeti zimekaza. Analegeza skrubu mpaka iingie. Kumbe valvu zilikuwa zimesukumwa na kemshafti, na zitakaporudi kwenye nafasi yake pengo litakuwa kubwa mara kadhaa ya linalotakiwa. Pikipiki itawaka, ila italia tak-tak-tak kichwani, valvu zitachelewa kufunguka na kuwahi kufunga, na mlima wa kwanza utamtoa dereva jasho. Huyo atarudi akilalamikia kabureta.

Sasa turudi kwenye lile neno la pembeni ya mchoro. Mwalo wa Ziwa Tanganyika pale Kigoma mjini uko kiasi cha mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu iko karibu mita 1,300 na Kibondo karibu 1,500. Kadiri unavyopanda, hewa iliyo juu yako inapungua, na msukumo wake unapungua. Pale Kibondo msukumo huo umepungua kwa karibu sehemu moja ya sita ukilinganisha na Dar es Salaam. Silinda ni ileile, pistoni inasafiri milimita zilezile, ila kilichoingia ndani ni pungufu.

Matokeo yake yanaonekana kwenye geji ya kupimia komprisheni. Chukulia kitabu cha injini kinataka PSI 175, na kipimo hicho kilichukuliwa usawa wa bahari. Geji haihesabu hewa ya kawaida ya nje, ambayo pale ni kama 14.7, kwa hiyo shinikizo halisi ndani ya silinda ni karibu 190. Kibondo injini hiyohiyo, ikiwa nzima kabisa, itafikia kiasi cha 158. Toa 12 za hewa ya nje ya huko, na sindano itasimama kwenye 146 hivi. Kigoma mjini ingesimama karibu na 159. Fundi anayeona 146 Kibondo na kuagiza ringi mpya amemtia mteja hasara kwa ugonjwa ambao haupo.

Namba hizo zina maana endapo kipimo kimefanywa vizuri. Injini iwe na moto, plagi itolewe, swichi izimwe, na mkono wa mafuta ufunguliwe mpaka mwisho wakati unapiga kiki. Sharti la mwisho ndilo linalosahaulika zaidi. Mkono ukifungwa, umeiziba njia ya pigo la kwanza, na pigo la pili haliwezi kubana kisichoingia. Geji itasoma chini hata kwa injini iliyotoka dukani. Piga kiki mpaka sindano iache kupanda.

Upungufu huo wa hewa hugusa kabureta pia. Petroli inabaki nyingi kwa hewa kidogo, na plagi hutoka nyeusi yenye masizi makavu. Kushusha jeti kubwa kwa saizi moja mara nyingi hutosha, lakini pikipiki ikienda kuishi ziwani irudishiwe jeti yake, la sivyo itakosa mafuta na kupata moto kupita kiasi.

Kwa gari la dizeli, kama Landkruza zenye injini ya 1HZ, mchoro ni uleule wenye mabadiliko mawili: pigo la kwanza linaingiza hewa tupu, na mahali pa plagi weka nozeli. Hewa inabanwa zaidi ya mara 22, inapata joto la kutosha kuiwasha dizeli yenyewe. Geji yake ni nyingine, ya shinikizo kubwa zaidi. Usiifunge ile ya pikipiki hapo.

Tuseme pikipiki imeletwa Kibondo na geji inasoma 100. Hii sasa si hewa ya mlimani. Anza kwa kukagua tapeti kwenye T sahihi, maana tapeti iliyokaza kupita kiasi huizuia valvu kufunga. Kama ziko sawa, mimina kijiko kidogo cha oili kupitia tundu la plagi, zungusha injini kidogo, upime tena. Ikipanda hadi 130 au zaidi, oili imeziba kwa muda pengo la ringi na silinda, basi ubovu uko huko. Ikibaki 100, upepo unapita mahali oili haifiki: kwenye viti vya valvu au gasketi ya hedi, na kinachofunguliwa kwanza ni hedi.