Noti Mbili Zilizoandikwa D na B Flati

Swali la nne lilikuwa na noti mbili tu kwenye mistari mitano: D chini na B flati juu yake. Mwanafunzi aliulizwa ataje umbali kati ya noti hizo. Akaandika "tano iliyoongezwa", na mwalimu akaweka mkasi. Mtoto hakuelewa. "Mwalimu, nimehesabu kwenye kinanda, nusu toni nane. Tano iliyoongezwa si ndiyo nane?"

Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, ila jibu ndilo halikuwa sawa. Kosa la namna hii ndilo linalofaa kutafutwa kwenye karatasi za masomo kabla mtu hajajitungia zoezi lolote la kujiandaa kwa mtihani.

Mtihani wenyewe ni wa nadharia, gredi ya 5, unaotolewa na ABRSM, bodi ya London iliyoanzishwa mwaka 1889. Wanaojifunza piano au violini na wanaotaka kupanda gredi ya 6 ya bodi hiyo wanaujua vizuri, kwa kuwa kwa kawaida ndio mlango wa kupitia. Siku hizi gredi za chini, 1 hadi 5, hufanywa kwenye kompyuta, na alama 50 kati ya 75 zinatosha kufaulu. Wengi wanaokwama hukwama kwenye mambo matatu: umbali wa noti, skeli na alama za ufunguo, yaani zile shapu au flati zinazopangwa mwanzoni mwa mstari.

Turudi kwa D na B flati. Umbali una majina mawili, namba na aina, na kila moja lina chanzo chake. Namba inatokana na herufi peke yake. Hesabu D, E, F, G, A, B: herufi sita, basi ni sita, hata kama mbele ya B pangekuwa na flati, shapu au kitu kingine chochote. Aina ndiyo inayojali flati. Ifanye noti ya chini kuwa do, uimbe skeli yake ya meja. Katika D meja, la ni B ya kawaida, kwa hiyo D hadi B ni sita meja. Hapa B imeshushwa nusu toni, kwa hiyo ni sita maina. Tano iliyoongezwa ni D hadi A shapu. Kwenye kinanda A shapu na B flati ni kibonye kimoja, na sikio halisikii tofauti. Karatasini ni noti mbili tofauti, na mtihani unasoma karatasi.

Ukichukua karatasi tatu au nne za mwanafunzi huyo na kuzipanga mezani, unaona jambo ambalo karatasi moja haionyeshi. Kwenye swali la skeli, aliambiwa aandike F maina ya hamoniki kwenda juu. Akaandika F, G, A flati, B flati, C, C shapu, E, F. Ukiipiga, inasikika sawasawa. Lakini C imetokea mara mbili na D haipo kabisa. Mwalimu alilihesabu hilo kuwa kosa la skeli, na lile la kwanza kuwa kosa la umbali. Kwa kweli ni kosa moja: mtoto anahesabu vibonye na kusahau herufi. Kumpa maswali ishirini zaidi ya skeli na ishirini ya umbali ni kumchosha tu, kwa sababu atayajibu yote kwa njia ileile.

Zoezi la kwanza linalotokana na karatasi hizo, basi, halina shapu wala flati hata moja. Anapewa jozi za noti alizozikosa, zikiwa zimeondolewa alama, na anataja namba tu. Kwenye skeli anaandika kwanza herufi zote nane kwa mfuatano, F hadi F. Akishaziandika, ndipo anaweka flati za ufunguo, na mwisho anapandisha noti ya saba nusu toni. Kwa F maina flati ni nne: B, E, A na D. Noti ya saba ni E flati, ikipandishwa inakuwa E ya kawaida. C shapu haina tena pa kuingilia.

Zoezi la pili ni la alama za ufunguo, na hapa aliyekulia kwenye kwaya ana mtaji mkubwa, maana solfa anaijua tangu utotoni. Shapu hujipanga kwa mpangilio mmoja: F, C, G, D, A, E, B. Flati hufuata mpangilio huohuo kinyume, zikianzia B. Shapu ya mwisho daima ni ti, kwa hiyo do iko nusu toni juu yake. Flati ya mwisho daima ni fa. Ukiona flati nne, ya mwisho ni D flati. Shuka fa, mi, re, do, unafika A, nayo ina flati. Ufunguo ni A flati meja. Ukitaka maina yenye alama hizohizo, anza kwenye la: F. Mwanafunzi aandike mpangilio huu pembeni mwa karatasi kabla ya kusoma swali lolote. Asipoujua kwa moyo, aina ya umbali itamshinda pia, kwa sababu aina inasomwa kutoka kwenye skeli.

Zoezi la tatu ndilo linalomrudisha kwenye swali alilolikosa, likibadilishwa kitu kimoja kila mara. D hadi B: sita meja. D hadi B flati: sita maina. D hadi B shapu: sita iliyoongezwa. Halafu D hadi A shapu, iwekwe makusudi jirani na B flati, na aandike sababu kwa sentensi moja. Sentensi hiyo ndiyo inayomwonyesha mwalimu kama mtoto ameelewa au amebahatisha.

Kuna jozi zinazokataa njia hii, kwa mfano G shapu hadi E. G shapu meja ingehitaji shapu nane, na hakuna anayeiandika. Hapo shusha noti zote mbili nusu toni bila kubadilisha herufi: G hadi E flati. Umbali haujabadilika. Katika G meja noti ya sita ni E, nayo hapa imeshushwa, basi ni sita maina.

Kusahihisha majibu hakuhitaji kitabu. Geuza jozi, ya chini iwe juu. Namba mbili zikijumlishwa lazima zitoe 9, meja igeuke maina, iliyoongezwa igeuke iliyopunguzwa, na kamili ibaki kamili. B flati hadi D ni tatu meja. Tatu na sita ni tisa. Aliyeandika tano angeshtuka hapa.

Karatasi za masomo zina upungufu wake, kwamba zinaonyesha tu kile kilichoulizwa. Mwanafunzi huyu alipata alama zote za ufunguo, lakini hakuna swali lililozidi shapu tatu, na yote yalikuwa kwenye ufunguo wa G. Mtihani wa gredi ya 5 unafika shapu sita na flati sita, tena kwenye ufunguo wa F vilevile, na hata ule wa C unaotumiwa na viola. Kwa hiyo mazoezi matatu yakishakaa sawa, jozi zilezile zihamishiwe kwenye ufunguo wa F, moja baada ya nyingine, kabla ya kutafuta maswali mapya.