Umehesabu Supu? Jinsi Kichwa cha Video Kinavyotoka Ndani ya Muswada

Rafiki yangu mmoja wa Tanga anafundisha mapishi kwenye YouTube. Alinitumia muswada wa video ya pilau, nikausafisha, akarekodi, na siku ya kuipandisha video tukakaa jikoni kwake kutafuta kichwa. Tulikuwa tumechoka. Akasema, "Kaka, weka Siri ya Pilau ya Kizanzibari, hiyo inavuta." Nikaweka. Saa chache za kwanza kilivuta kweli. Kisha yakaanza maoni, na mojawapo ya yale ya mwanzo liliuliza: "Dada, mbona Unguja yenyewe siioni?"

Muulizaji alikuwa na haki. Muswada wote ulieleza kwa nini pilau inakuwa bokoboko na namna ya kupima maji. Unguja ilitajwa mara moja tu, katika sentensi inayomhusu mama mkwe wake. Aliyekuja kutafuta viungo vya Kizanzibari alikutana na somo la vikombe, akaondoka. Na yule ambaye pilau yake huharibika kila Idi, ambaye hasa ndiye aliyeandikiwa video ile, alipita bila kujua kwamba imewekwa kwa ajili yake.

Ndani ya YouTube Studio kuna mchoro unaoonyesha watazamaji wangapi wamebaki kila sekunde ya video, pamoja na asilimia ya waliobaki inapofika sekunde ya 30. Mchoro wetu ulianguka kama maji ya korongo ndani ya sekunde hizo. Watu wachache kuondoka mwanzoni ni jambo la kawaida kwa video yoyote. Lakini kundi kubwa likiondoka kabla hata mwalimu hajashika kikombe, kosa mara nyingi haliko kwenye mapishi. Wamefungua mlango wakakuta si nyumba waliyoelekezwa. Na tangu mwaka 2012, YouTube inapopendekeza video huangalia muda ambao watu wanautumia kutazama kuliko idadi ya waliobonyeza tu, kwa hiyo kichwa kile kilituharibia mara mbili.

Tukarudi kwenye muswada, safari hii na kalamu. Nilimwomba apige mstari chini ya sentensi mbili: ile ambayo video inatoa ahadi, na ile ambayo ahadi inatimizwa. Ya kwanza ilipatikana haraka: "Leo nitakuonyesha kwa nini pilau inalowa hata ukipima maji." Ya pili ilichukua muda, kwa sababu ilikuwa katikati, haina mbwembwe: "Supu uliyochemshia nyama nayo ni maji." Hapo ndipo siri yenyewe ilipolala. Watu wengi hupima maji vizuri kabisa, kikombe kimoja cha mchele uliokaa kwa kikombe kimoja na nusu cha maji, halafu wanamimina na supu juu yake, wakiihesabu kama kiungo. Kwa vikombe vitatu vya mchele wanatakiwa kuwa na vikombe vinne na nusu vya maji na supu kwa pamoja. Wakiweka vinne na nusu vya maji, kisha viwili vya supu, wamefika sita na nusu. Mchele mpya, ambao bado una unyevu wake, hutaka pungufu zaidi.

Kichwa kilitoka kwenye sentensi hizo mbili, si kwenye mawazo yetu ya kuvuta watu:

```
Kwa nini pilau inakuwa bokoboko: kipimo cha maji na supu
```

Ni herufi 56 ukihesabu na nafasi. YouTube inaruhusu hadi 100, lakini kwenye simu kichwa kirefu hukatwa, ndiyo maana neno bokoboko liko mwanzoni. Hilo ndilo neno analolisema mtu akifunua sufuria. Hakuna anayesimama jikoni akalalamika kuhusu "ukosefu wa uwiano wa vimiminika". Pia tulikataa kichwa kingine kilichokuwa kwenye ukingo wa muswada, "Makosa 5 ya Pilau". Muswada wa kwanza ulikuwa na makosa matano kweli, lakini mawili yalifutwa wakati wa kusafisha. Namba ni kitu cha kwanza kuharibika muswada unapobadilika, kwa sababu mtazamaji anahesabu kwa vidole na wewe umeshasahau.

Maandishi ya kijipicha, ile picha ndogo inayoonekana kabla ya kubonyeza, ndiyo yaliyotusumbua zaidi. Kosa la wengi, na letu pia, ni kurudia kichwa. Mtu anaviona vyote viwili kwa pamoja, kimoja juu ya kingine, na akisoma "pilau bokoboko" mara mbili amepoteza nafasi moja. Kichwa kilikuwa kimeshataja tatizo, kwa hiyo picha ilibaki na kazi ya kumchokoza kwa kitu ambacho hajakifikiria. Tukaandika maneno mawili: UMEHESABU SUPU? Swali hilo lina jibu ndani ya muswada, tena jibu refu la dakika mbili na nusu. Kama jibu lisingekuwemo, au lingekuwa sentensi moja iliyotupwa mwishoni, nisingelikubali hata kama linavutia.

Picha yenyewe ikabidi ibadilike. Ya mwanzo ilikuwa sinia la pilau kavu, punje moja moja, lililopigwa kwenye sherehe nyingine kabisa. Sasa ni upawa ulioinuliwa na bonge la wali lililoshikana, fremu iliyokatwa kutoka sekunde za mwanzo za video. Mtazamaji akibonyeza anakutana na upawa uleule, na anajua amefika. Maneno tuliyaweka juu kushoto, kwa sababu kona ya chini kulia hufunikwa na kibandiko cha muda wa video. Kipimo changu cha usomekaji ni cha kienyeji: naipunguza picha hadi iwe na ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, nampa mtu asiyejua video inahusu nini, na kumwuliza imeandikwa nini. Mtoto wa jirani alisoma "umehesabu supa". Tukanenepesha herufi.

Maelezo ya chini ya video yana nafasi ya herufi 5,000, na nafasi hiyo ndiyo inayowaponza watu. Wanaijaza salamu, namba za simu na orodha ya maneno ya kutafutiwa, wakati mtazamaji huona mistari michache tu ya mwanzo mpaka abonyeze kufungua iliyobaki. Sisi mistari hiyo tuliipa jibu lenyewe: vikombe vitatu vya mchele uliokaa, vikombe vinne na nusu vya maji na supu kwa pamoja, mchele mpya upunguziwe. Rafiki yangu alisita. "Kaka, wakisoma hapo watatazama nini tena?" Mimi naona anayetosheka na namba moja angeondoka tu hata akilazimishwa kusubiri, ila angeondoka amenuna. Anayetaka kuona maji yanakauka kwa sura gani atabaki. Mstari uliofuata ulisema kisichomo: video hii haifundishi kuchanganya viungo, wala haipimi maji ya jiko la umeme la wali. Sentensi hiyo ilipunguza maswali ya hasira kuliko kitu kingine chochote tulichofanya.

Hapo kwenye maelezo niliteleza mimi mwenyewe. Nilinakili maelezo ya video yake ya zamani ili nisianze upya, na ndani yake kulikuwa na vikombe vitano vya maji. Video inasema vinne na nusu, maelezo yanasema vitano. Siku nzima ilipita kabla ya mama mmoja kuuliza afuate kipi. Tangu hapo kila namba iliyomo kwenye maelezo naitafuta kwenye muswada, moja baada ya nyingine, na isiyoonekana kule naifuta huku.

Zilibaki sura, zile alama za muda zinazoukata mstari wa video vipande ili mtu aruke hadi anapotaka. YouTube inazisoma kutoka kwenye maelezo yaleyale kwa masharti machache: ya kwanza ianze 0:00, ziwe tatu au zaidi, zipangwe kwa mfuatano wa muda, na kila moja iwe na sekunde 10 au zaidi. Sharti moja likivunjika, sura ulizoandika hazitokei. Sisi tulianza na 0:05 kwa sababu salamu inaanzia hapo. Ili kujua kama zimekubali, fungua video na utazame mstari wa chini: ukiwa umekatwa vipande, zimekubali.

Kosa baya zaidi ni lile ambalo YouTube hailioni. Nilikuwa nimekadiria muda kutoka kwenye muswada, maneno 130 hivi kwa dakika, nikapata kwamba kipande cha supu kinaanza 3:10. Lakini mhariri wa picha alikata kisa kimoja cha sekunde 35. Kipande kikaanza 2:35, na kila sura iliyofuata ikachelewa vivyo hivyo. Aliyebonyeza "kupima maji" aliangukia katikati ya maelezo, kikombe cha kwanza kimeshamiminwa. Sura huandikwa kwa kutazama video iliyokwisha kuhaririwa, kidole kikiwa kwenye kitufe cha kusimamisha. Zetu zikawa hivi:

```
0:00 Pilau iliyoharibika
0:48 Mchele mpya na mchele uliokaa
2:35 Kupima: supu nayo ni maji
5:10 Koroga mara moja tu
6:20 Kupunguza moto na kupalia
8:05 Kufunua sufuria
```

Majina hayo yana kazi ya pili. Ukiyasoma kutoka juu hadi chini unapata muswada mzima kwa ufupi, na kama neno la kichwa au la kijipicha halionekani popote kwenye orodha, kuna ahadi iliyokosa mahali pa kutimizwa. Kichwa chetu cha zamani kingenaswa hapo. Hakuna sura hata moja ambayo ungeweza kuipa jina la Zanzibar bila kusema uongo.

YouTube yenyewe inakataza kichwa, picha au maelezo yanayomdanganya mtazamaji kuhusu kilichomo, na Desemba 2024 ilitangaza kwamba itaongeza ukali nchini India dhidi ya vichwa vinavyopotosha kupita kiasi, hasa kwenye habari za matukio. Kosa letu halikufika huko. Hatukudanganya kwa makusudi. Tulikimbilia kichwa kabla ya kuusoma tena muswada tulioumaliza sisi wenyewe.

Baada ya kubadilisha, waliobonyeza hawakuongezeka kwa kishindo. Kilichobadilika ni mchoro: ulishuka taratibu badala ya kuporomoka, na ukapata kilima kidogo pale 2:35, dalili kwamba watu wanarukia hapo au wanarudia kutazama. Mwishoni unashuka ghafla mara tu sufuria inapofunuliwa, na huko hatuna la kulalamikia, maana walichokuja kukiona wamekiona.

Kichwa cha Zanzibar hatukukitupa. Kimeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari lake, hakina muswada bado. Mama mkwe amekubali kupika mbele ya kamera, kwa sharti kwamba viungo atapima yeye mwenyewe.