Modeli Kubwa, Kadi Ndogo: Kumbukumbu Inajazwa na Nini?

Modeli ya lugha iitwayo XLM-R, toleo lake kubwa, ina vigezo takriban milioni 560. Kiswahili ni miongoni mwa lugha zaidi ya 90 ilizofunzwa, ndiyo maana watafiti wengi wa lugha za Afrika huanzia kwayo wanapotaka kompyuta itambue majina ya watu na mahali katika habari. Tuseme mwanafunzi anataka kuinoa kwa kazi hiyo, na alichonacho ni kadi mbili za GPU aina ya T4 zinazotolewa bure na Kaggle, kila moja ikiwa na gigabaiti 16. Je, atafaulu?

Aanze kwa hesabu. Kila kigezo kikiandikwa kwa biti 32 kinachukua baiti 4. Gradienti yake, yaani namba inayoonyesha kirekebishwe upande gani na kwa kiasi gani, ni baiti 4 nyingine. Kanuni ya urekebishaji iitwayo Adam hutunza wastani mbili kwa kila kigezo, baiti 8. Jumla ni 16. Zidisha kwa milioni 560, utapata karibu gigabaiti 9, na hakuna sentensi hata moja iliyokwisha kuingia. Nafasi inayobaki ni ya matokeo ya kati, yale ambayo kila tabaka la modeli huyahifadhi hadi gradienti zikokotolewe. Haya ndiyo huongezeka kadiri sentensi zinavyokuwa nyingi na ndefu.

Mbinu ya kwanza, usahihi mchanganyiko, hupunguza matokeo hayo ya kati. Sehemu kubwa ya hesabu hufanywa kwa biti 16, nafasi yake hupungua hadi karibu nusu, na T4 hufanya kazi kwa kasi zaidi. Lakini vigezo vyenyewe hubaki katika biti 32, kwa sababu ya msingi: katika biti 16, ukijumlisha 1 na 0.0001 jibu linabaki 1. Marekebisho madogo yangepotea yote. Gradienti nazo zina hatari yake: iliyo chini ya takriban 0.00000003 huandikwa sifuri. Kwa hiyo kosa la modeli huzidishwa kwanza kwa namba kubwa, kisha gradienti hugawanywa kwa namba hiyohiyo kabla ya kurekebisha vigezo. PyTorch huanza na 65536, na huipunguza kwa nusu kila gradienti zinapofurika. Ukiona namba hiyo inashuka bila kukoma, ujue mafunzo yameharibika.

Mbinu ya pili ni kulimbikiza gradienti. Mwanafunzi anataka fungu la sentensi 32 kwa kila rekebisho, lakini kila moja ya kadi zake mbili inabeba 4 tu. Basi anapitisha 4, anajumlisha gradienti, anapitisha 4 nyingine, na kurekebisha vigezo mwishoni:

```python
with torch.autocast("cuda", dtype=torch.float16):
    kosa = modeli(**fungu).loss / 4
scaler.scale(kosa).backward()
```

Kugawanya kwa 4 kunafaa pale tu mafungu yanapolingana. Chukua fungu la maneno 10 lenye wastani wa kosa 2, na jingine la maneno 90 lenye wastani 1. Wastani wa kweli kwa kila neno ni 1.1, lakini wastani wa wastani hizo mbili ni 1.5. Sentensi fupi zimepewa uzito zisiostahili, na hakuna ujumbe wowote wa hitilafu utakaotokea. Dawa yake ni kujumlisha makosa yote, kisha kugawanya kwa idadi ya maneno yote.

Mbinu ya tatu ni kugawana data. Kila kadi hupewa nakala kamili ya modeli na sentensi zake tofauti, kisha kadi hulinganisha gradienti na kuchukua wastani. Kadi mbili, sentensi 4, mizunguko 4: fungu la 32 limetimia. Kinachopungua hapa ni muda. Zile gigabaiti 9 zinabaki katika kila kadi, na PyTorch huhitaji nafasi ya ziada ya kukusanyia gradienti kabla ya kuzituma.

Kwa hiyo mwanafunzi wetu anaweza kufaulu, mradi sentensi zake zisiwe ndefu mno. Mwenye modeli ya vigezo bilioni 1.5 hatafaulu kwa njia hizi, kwani 16 mara bilioni 1.5 ni gigabaiti 24, na kadi mbili zenye nakala zilezile hazimwokoi.

Namna ya kutambua ni kujaribu sentensi moja tu na kuangalia kumbukumbu inaishia wapi. Mafunzo yakikwama wakati wa kukokotoa `loss`, tatizo ni matokeo ya kati. Punguza fungu au fupisha sentensi. Yakikwama kwenye `optimizer.step()` ya kwanza, pale Adam inapotenga nafasi ya wastani zake, modeli yenyewe ndiyo imezidi. Hapo itabidi kuigawa vipandevipande kati ya kadi kwa FSDP, au kufunza vigezo vichache tu kwa LoRA.