Hesabu Meno, Weka Tepu Chini

Jirani yangu anaoka mikate nyuma ya nyumba yake, Temeke. Mashine yake ya kukandia unga inaendeshwa na mota ndogo, na kati ya mota na mashine kuna mkanda mweusi wenye meno kwa ndani. Mkanda huo ulipokatika, alifanya ambalo wengi wetu tungefanya. Aliunganisha ncha zake kwa gundi, akazungusha tepu ya fundi cherehani kwa nje, akapata milimita 607. Kisha akahesabu meno: 120. Akaenda dukani na namba mbili hizo, na muuzaji akampa mkanda wa meno 120 wenye urefu wa karibu milimita 610. Kila kitu kilionekana kukubaliana. Mkanda ulifungwa, mota ikawashwa, mashine ikaanza kugonga kama mtu anayepiga hodi kwa hasira, na kabla unga haujakandwa meno matano yalikuwa yamenyolewa.

Muuzaji hakumdanganya, wala hesabu ya meno haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye tepu, na kwenye namba ya tatu ambayo hakuna aliyeuliza.

Namba hiyo ni hatua, yaani umbali kutoka katikati ya jino moja hadi katikati ya jino linalofuata. Ukijua hatua na idadi ya meno, urefu wa mkanda unapatikana kwa kuzidisha tu. Mkanda wa jirani yangu ulikuwa na hatua ya milimita 5, hivyo meno 120 yanaleta milimita 600 kamili. Aliouziwa ulikuwa wa hatua ya milimita 5.08, moja ya tano ya inchi, na meno yake 120 yalileta milimita 609.6. Kwa jicho mikanda hiyo miwili ni ndugu. Tofauti ya jino moja ni chini ya unene wa karatasi ya kuandikia, lakini kwenye puli kubwa ya mashine hiyo, ambako meno kama 40 yanashika kwa wakati mmoja, tofauti hizo ndogo zinajumlishana hadi milimita 3.2. Hiyo ni zaidi ya nusu ya jino. Meno ya mwanzo yanakaa vizuri ndani ya mabonde ya puli, yale ya mwisho yanapanda juu ya kingo, na hapo ndipo mlio wa kugonga unapotoka.

Kwa hiyo kabla ya kufunga mkanda wowote mpya, uzungushe kwa mkono juu ya puli kubwa ikiwa imesimama. Ukiona unaanza kwa kuzama na kuishia kwa kuelea, urudishe dukani siku hiyo hiyo, ukiwa bado safi.

Na zile 607 zilitoka wapi? Ndani ya mkanda kuna nyuzi ngumu, mara nyingi za kioo au za chuma, zilizozungushwa ndani ya raba. Nyuzi hizo ndizo zinazobeba mzigo, na mkanda unapopinda, zenyewe hazivutiki wala hazisinyai. Hatua inahesabiwa kwenye mstari wa nyuzi hizo. Raba ya mgongoni iko nje zaidi, kwa mkanda huu kadiri ya milimita moja na kidogo. Ukizunguka duara lolote lililofungwa ukiwa milimita moja nje ya mstari wake, safari yako inaongezeka kwa milimita 6 na ushee, haijalishi duara ni kubwa kama ungo au dogo kama kikombe. Ndiyo maana tepu ya nje ilizidisha milimita 7 hivi, na kwa bahati mbaya ziada hiyo ilimsogeza karibu kabisa na mkanda wa inchi. Angeulaza mkanda uliokatika ukiwa umenyooka mezani na kuupima, angepata 600 bila shida, kwa kuwa mkanda ulionyooka hauna nje wala ndani ya kuzunguka.

Fundi wa Gerezani tuliyempelekea ile mashine hakugusa tepu. Alipaka chaki kwenye jino moja, akahesabu kwa vidole akiweka alama kila baada ya meno kumi, akafika 120. Kisha akanyoosha kipande cha mkanda juu ya rula ya chuma. Aliliita jino la kwanza sifuri, si moja, na hapa wengi hukosea: ukilipa jino la kwanza namba moja, hatua ishirini zinakuwa kumi na tisa. Kutoka jino la sifuri hadi la ishirini rula ilisoma milimita 100. Mkanda wa inchi ungesoma 101.6, na tofauti hiyo hata macho ya mzee yanaiona. Kupima jino moja kwa moja ni kubahatisha.

“Sasa angalia sura,” akaniambia. Meno yalikuwa ya mviringo, kama vidole vilivyokunjwa. Hilo nalo ni muhimu, kwa sababu ipo mikanda ya T5 yenye hatua hiyo hiyo ya milimita 5 lakini meno yake yamekatwa pande zilizonyooka, kama matofali yaliyopunguzwa juu. Meno 120 ya T5 nayo yanatoa milimita 600. Urefu ni sawa, hatua ni sawa, na bado haiingiliani na puli ya meno ya mviringo.

Mkanda ukiwa na maandishi, kazi yote hii inakuwa nyepesi. Kwenye ule wa jirani yangu, chini ya unga na grisi, palikuwa na `600-5M-15`: urefu 600, hatua 5, upana 15, vyote kwa milimita. Ule wa dukani uliandikwa `240XL037`. Hapo 240 ni inchi 24.0, XL ni hatua ya moja ya tano ya inchi, na 037 ni upana wa kama milimita tisa na nusu. Hata upana ulikuwa mdogo kuliko puli, lakini siku hiyo hakuna aliyetazama.

Mkanda sahihi ulipatikana. Lakini jirani yangu alikuwa na ombi lingine: mashine ilikuwa ikienda kasi mno, unga ukipata joto. Puli ya mota ina meno 24, ya mashine 72. Fundi akashauri puli ya meno 20 kwenye mota, ili mzunguko wa 1400 kwa dakika ushuke hadi takribani 389 badala ya 467. Swali likawa: mkanda wa 600 utatosha bado, au tununue mwingine?

Hapa inaingia namba ya mwisho, umbali wa senta, yaani kutoka katikati ya shafti ya mota hadi katikati ya shafti ya mashine. Katikati ya shafti haishikiki, hivyo unapima kutoka ukingo wa nje wa shafti moja hadi ukingo wa nje wa nyingine, kisha unatoa nusu ya kila kipenyo. Fundi alipata milimita 193. Shafti ya mota ni milimita 14, ya mashine 20. Alitoa 7 na 10, akabaki na 176. Matundu marefu ya bolti za mota yaliruhusu umbali huo kuchezacheza kati ya 171 na 182.

Fikiria mkanda ukizunguka puli mbili. Una vipande viwili vilivyonyooka, kila kimoja karibu sawa na umbali wa senta. Una nusu duara kwa kila puli, na hizo kwa pamoja ni nusu ya jumla ya meno ya puli zote mbili mara hatua. Halafu kuna nyongeza ndogo kwa sababu puli hazilingani, na mkanda unakwenda kimshazari. Kwa maandishi ni hivi:

```
L = 2C + p(z1 + z2)/2 + (D - d)²/(4C)
```

L ni urefu wa mkanda, C umbali wa senta, p hatua, z1 na z2 meno ya puli. D na d ni vipenyo vya puli, na hivi usivipime kwa venia. Nyuzi za mkanda hupita juu kidogo ya chuma cha puli, hivyo venia itakupa kipenyo kidogo kuliko kile cha hesabu kwa zaidi ya milimita moja. Hesabu meno ya puli, zidisha kwa hatua, gawa kwa 3.1416. Puli ya meno 72 inakuwa 114.59, ya meno 20 inakuwa 31.83, na tofauti yao ni 82.76.

Tukiweka C kuwa 175, vipande vilivyonyooka vinatoa 350. Nusu duara mbili zinatoa 5 mara 46, yaani 230. Nyongeza ya mshazari ni 9.8. Jumla 589.8, na mkanda wa karibu ni wa meno 118, wenye urefu wa 590. Mikanda haiuzwi kwa urefu wowote unaotaka. Huwezi kupata nusu jino, na duka lenyewe lina saizi chache tu, ambazo 590 haikuwamo. Walikuwa na 580 na 600.

Basi unageuza hesabu: una mkanda, unatafuta senta. Toa kwanza zile 230 kwenye urefu, yanayobaki yaite K:

```
C = (K + √(K² - 2(D - d)²)) / 4
```

Mkanda wa 580 unadai senta ya 169.96. Matundu yanaanzia 171, maana yake hauingii, na atakayejaribu kuuingiza kwa bisibisi atakata nyuzi za ndani bila kuona alama yoyote nje. Utadumu wiki chache kisha uachane. Mkanda wa 600 unadai 180.25. Huo unaingia. Kuna milimita moja na robo tatu ya kusogeza nje ili kukaza, na milimita tisa za kurudi ndani ili kuuvalisha juu ya kingo za puli. Mkanda wa 600 tayari ulikuwa mkononi.

Ningependa nafasi kubwa zaidi ya kukaza, na fundi naye alikubali hivyo, ila mikanda hii haivutiki kama ya cherehani za zamani. Ikishakazwa vizuri mara moja, mara nyingi inabaki ilivyo. Alihakikisha pia kwamba puli ndogo inashikwa na meno ya kutosha. Kwa umbali huo mkanda unaikumbatia kwa nyuzi kama 153, na hapo meno manane kati ya ishirini yanakuwa kazini. Mafundi hawapendi yashuke chini ya sita.

Akasogeza mota hadi rula iliposoma 197 na robo kutoka ukingo hadi ukingo, akakaza bolti mbili, akabonyeza mkanda katikati kwa kidole. Ulishuka karibu milimita 3. Akaangalia kama puli mbili zimesimama kwenye mstari mmoja, akazungusha kwa mkono mara tano, kisha akamwambia jirani yangu: “Mama, leta unga.”