Ngazi Mbili za Wagonjwa 42

Mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliniletea rasimu ya sura ya nne ya tasnifu yake. Alikuwa amelinganisha makundi mawili ya wagonjwa kwa wastani: kundi hili lilikaa miezi kadhaa bila ugonjwa kurudi, lile miezi kadhaa. Nikamuuliza, "Mwanangu, na wale ambao ugonjwa ulikuwa haujarudi mpaka siku ulipofunga daftari, umewaweka wapi?"

"Hao niliwaondoa, Mwalimu. Hawakuwa na tarehe ya mwisho."

Nilichukua karatasi tupu nikamwandikia namba za utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1963 na Emil Freireich na wenzake. Namba hizo ni chache kiasi cha kuhesabika kwa kalamu, na kosa lake linaonekana ndani yake waziwazi kuliko kwingine kokote ninakokujua.

Wagonjwa walikuwa 42, wote chini ya umri wa miaka 20, wenye saratani kali ya damu. Walikwisha kupata nafuu kwa dawa ya prednisoni, lakini enzi hizo nafuu ya namna hiyo haikudumu. Swali lilikuwa moja: je, dawa ya merkaptopurini itairefusha? Wagonjwa 21 walipewa dawa hiyo, na 21 wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Kisha zikahesabiwa wiki mpaka ugonjwa urudi.

Kwa waliopewa kidonge kitupu, ugonjwa ulirudi kwa wote 21, kwa wastani wa wiki 8.7. Kwa waliopewa dawa, ulirudi kwa 9 tu, kwa wastani wa wiki 12.1. Ukifanya alivyofanya mwanafunzi wangu, utaandika kwamba dawa iliongeza wiki tatu na nusu hivi. Lakini wagonjwa 12 kati ya waliopewa dawa walikuwa bado wazima hesabu ilipofungwa, mmoja wao akiwa na wiki 35. Wao ndio ushahidi mzito kuliko wote kwamba dawa inafanya kazi, na wastani ule umewatupa nje.

Hao 12 katika takwimu huitwa waliokatizwa taarifa. Tunajua jambo la kweli juu ya kila mmoja wao: kwamba mpaka wiki fulani ugonjwa ulikuwa haujarudi. Kilichotokea baadaye hatukijui. Wengi huwa hivyo kwa sababu watu huingia kwenye utafiti kwa tarehe tofauti, na aliyeingia mwisho hufuatiliwa muda mfupi. Mwaka 1958 Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier, walichapisha njia ya kuitumia nusu-taarifa hiyo bila kuidanganya, na mchoro wa uhai unaouona katika tasnifu za tiba kwa kawaida ni njia yao hiyo.

Mchoro wenyewe ni ngazi inayoshuka. Mstari wa chini ni muda, mstari wa kusimama ni sehemu ya watu ambao tukio halijawapata. Tukio linaweza kuwa kifo, ugonjwa kurudi au hata mtoto kuacha kunyonya. Msomaji aangalie mwandishi amelitaja lipi. Ngazi huanzia asilimia 100, na kila tukio likitokea hushuka kidato kimoja. Penye alama ndogo ya msalaba juu ya mstari, hapo kuna mtu aliyekatizwa taarifa, na ngazi haishuki kwa ajili yake.

Tuijenge ya kundi la dawa. Mpaka kuingia wiki ya 6 wote 21 wamo. Wiki hiyo ugonjwa unawarudia watatu, kwa hiyo waliosalia ni 18 kwa 21, yaani asilimia 85.7. Mgonjwa wa nne taarifa zake zinaishia wiki hiyohiyo akiwa mzima. Yeye huhesabiwa kuwa alikuwemo watatu wale walipoanguka, ndipo anaondoka. Ikifika wiki ya 7, basi, waliomo ni 17. Ugonjwa unamrudia mmoja. Hapa hatugawanyi tena kwa 21, maana tunawaulizia wale tu tunaowaona: 16 kwa 17 wamevuka wiki hii. Tunazidisha kivuko cha kwanza kwa cha pili, 18/21 mara 16/17, tunapata asilimia 80.7. Ndivyo tunavyokwenda, kila kidato kikigawanywa kwa idadi ya waliomo siku ile, mpaka wiki ya 23 ambapo kundi la dawa linabaki na asilimia 44.8.

Aliyekatizwa taarifa anachangia katika kila kigawanyo mpaka siku yake ya mwisho, kisha anatoka kimyakimya. Laiti tungedai kwamba wote waliokatizwa waliendelea kuwa wazima, wiki ya 23 tungeandika 12 kwa 21, asilimia 57. Tukiwafuta, tunabaki na 9 ambao wote wameanguka, yaani sifuri. Njia ya Kaplan na Meier inakataa madai hayo yote mawili.

Kusoma ngazi iliyokamilika si kazi. Toka kwenye asilimia 50 upande wa kushoto, nenda kulia mpaka ukutane na ngazi, kisha shuka chini usome wiki. Hiyo ndiyo mediani, muda ambao nusu ya kundi limepatwa na tukio. Kwa kidonge kitupu ni wiki 8. Kwa dawa ni wiki 23. Linganisha na ile tofauti ya wiki tatu na nusu.

Mahali wasomaji wengi wanapoteleza ni mkiani. Baada ya wiki ya 23 ngazi ya dawa inalala sawa mpaka wiki ya 35, na jicho linataka kusema: hawa wamepona. Nimesoma tasnifu zilizoandika hivyo hasa. Lakini wiki ya 30 waliomo katika kundi la dawa ni wanne, na wiki ya 35 ni mmoja. Mstari umelala kwa sababu hakuna aliyeonekana kuanguka, na wa kuonekana walikuwa karibu kwisha. Hata ile asilimia 44.8, ukiiwekea mipaka yake ya uhakika wa asilimia 95, inaweza kuwa popote kati ya 25 na 81. Ndiyo maana mchoro mwema huwa na safu ya namba chini yake inayotaja waliomo. Kwa utafiti huu safu ya dawa ingesomeka 21, 15, 8, 4 kwa wiki ya 0, 10, 20 na 30. Ya kidonge kitupu 21, 8, 2, 0. Mimi huanza kusoma hapo kabla ya kutazama ngazi, na pasipo na safu hiyo namrudishia mwanafunzi aiweke.

Sasa swali la mtahini: ngazi mbili zimeachana, lakini je, isiwe ni bahati tu? Hapo ndipo linapoingia jaribio la logi-ranki, ambalo Nathan Mantel aliliweka wazi mwaka 1966. Wazo lake ni jepesi kuliko jina. Tuseme dawa haina lolote. Basi kila wiki ugonjwa unaporudi, wanaoanguka wangegawanyika kulingana na idadi ya waliomo katika kila kundi.

Wiki ya 1 waliomo ni 21 kwa 21 na wanaanguka wawili. Haki ingekuwa mmoja kila upande. Kwa kweli wote wawili walikuwa wa kidonge kitupu. Wiki ya 2 waliomo ni 21 wa dawa na 19 wa kidonge kitupu, na wanaanguka wawili tena. Sehemu ya kundi la dawa ni 2 mara 21/40, yaani 1.05. Walioanguka humo: hakuna. Ukiendelea hivi mpaka mwisho na kujumlisha, kundi la dawa lilitarajiwa kuwa na matukio 19.25 na likapata 9. Kundi la kidonge kitupu lilitarajiwa 10.75 likapata 21. Pengo ni 10.25. Jaribio linalizidisha pengo hilo kwa lenyewe na kuligawanya kwa kipimo cha mtawanyiko ambao bahati peke yake ingeleta, na jibu ni kai-mraba ya 16.8. Bahati hutoa pengo kubwa kiasi hicho au zaidi mara 4 hivi katika 100,000, na hiyo ndiyo thamani ya p.

Mwenye programu ya R anaweza kuyaona haya mwenyewe, kwani data hizi zimo ndani yake:

```
library(MASS)
library(survival)
survdiff(Surv(time, cens) ~ treat, data = gehan)
```

Jedwali litakalotokea lina safu mbili, `Observed` na `Expected`, ambazo wanafunzi wengi huziruka wakikimbilia p. Zisome kwanza. Kosa la kawaida mno ni kugeuza alama, 1 ikawekwa kwa aliyekatizwa na 0 kwa aliyepatwa na tukio. Hapa ungeona matukio 12 kwa dawa na 0 kwa kidonge kitupu, na programu isingelalamika hata kidogo; ingekupa p yake na mchoro wake. Kinga ni kuhesabu matukio kwa mkono kwenye daftari na kuona kama yanafanana na jedwali. Anayetumia SPSS ahakikishe namba aliyoiandika kwenye `Define Event`.

Logi-ranki haisemi tofauti ni kubwa kiasi gani. Inasema tu kama ipo, kwa hiyo p iandikwe pamoja na mediani. Tena ina udhaifu pale ngazi mbili zinapokatana. Chukulia upasuaji unaoua wachache mwanzoni lakini unaokoa wengi baadaye, ukilinganishwa na vidonge. Mapengo ya mwanzo yana alama ya kujumlisha, ya baadaye ya kutoa. Yakijumlishwa yanafutana, na p inatoka kubwa huku tofauti imejaa tele mchoroni. Ukiona ngazi zimepishana kama mkasi, usiiamini p hiyo peke yake.

Lililo zito zaidi halionekani hata mchoroni. Hesabu yote hii inadhani kwamba aliyekatizwa taarifa hana hatari kubwa wala ndogo kuliko waliobaki. Kwa aliyekatizwa kwa sababu utafiti ulifungwa, dhana hiyo inakubalika. Kwa aliyeacha kuja kliniki, inatia shaka. Mbarara, Uganda, watafiti walipowatafuta majumbani sehemu ya wagonjwa wa VVU waliokuwa wametoweka kwenye daftari, walikuta vifo vingi zaidi ya vile ambavyo kliniki ilikuwa imeviandika. Katika ngazi ya Kaplan na Meier hao wote wangekuwa misalaba midogo juu ya mstari, na mstari ungekaa juu kuliko ukweli.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya wiki mbili na ngazi zake na safu ya waliomo. Tukaanza na wagonjwa wake 31 waliokatizwa. Kumi na tisa walikuwa hai siku ya kufunga. Kwa 12 waliobaki daftari lilisema tu kwamba hawakurudi, na namba za simu za jamaa zao zilikuwemo. Akaomba kibali cha kuwapigia.